Nina namba 140 za maonyesho: brodikasti, baruapepe au simu?

MkobaWaNgozi
Habari za humu wakuu. Tumetoka kwenye maonyesho ya biashara, nimerudi na namba na kadi kama 140. Kesho nataka kuwatumia ujumbe, ila nipo njia panda: brodikasti ya WhatsApp wote kwa mpigo, baruapepe yenye katalogi, au nipige simu mmoja mmoja? Ipi inaleta oda kweli? Ujumbe nimeshauandaa:

"Habari! Asante kwa kutembelea banda letu. Sisi ni watengenezaji wa bidhaa bora kwa bei nafuu. Tazama katalogi yetu na usisite kuwasiliana nasi. Karibu sana."

Stoo_Kuu
Swali nusu. Unauza nini? Hao 140 ni wenye maduka au wapita njia? Maonyesho yameisha lini? Na uliandika walichosema, au una namba tupu?

Kasi_Moja
Brodikasti mkuu, usijitese. Inabeba watu 256, wewe una 140. Dakika tano umemaliza, unasubiri oda.

Mama_Mashuka
Kasi_Moja, hiyo 256 ni kweli, lakini brodikasti inamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Aliyekuandikia namba kwenye daftari lako wewe, yeye yako hana. Utakaa unasubiri majibu ya watu ambao hawajapata kitu.

Kasi_Moja
Mbona mimi wananijibu?

Mama_Mashuka
Wanakujibu wateja wako wa siku zote, kaka. Hao wamekuhifadhi.

MkobaWaNgozi
Samahani wakuu, nilisahau. Ni mikoba ya ngozi, tunashona wenyewe, mafundi sita. Maonyesho yaliisha Jumapili, leo Alhamisi. Kadi ni 45, waliobaki walijiandika kwenye daftari. Kama 30 hivi niliandika pembeni walichoulizia. Halafu kuna waliojiandika kwa sababu tulikuwa na bahati nasibu ya mkoba mmoja.

Stoo_Kuu
Sasa tunaongea. Wa bahati nasibu watoe kabisa, walitaka mkoba wa bure.

Mimi nimenunulia maduka kwa miaka, nikuambie upande wa pili unavyokuwa. Natoka maonyesho na mfuko umejaa katalogi, kufika ofisini sikumbuki jina la banda hata moja. Nakumbuka kitu nilichokishika. Ujumbe wako huo ningeupokea nisingejua kama wewe ni wa mikoba, wa viti au wa bima. Hauna bidhaa ndani, hauna swali ndani. Unanipa kazi ya kufungua katalogi, nami kazi ninazo.

Chukua hao 30 kwanza. Toa waliotaja idadi, au waliouliza utafikisha lini. Hao ndio wa leo, tena wa leo kabla hujalala, maana siku nne zimeshapita. Tuwekee mmoja hapa, alisema nini?

Fundi_Cherehani
Banda lilikuwa na ukubwa gani? Nauliza kwa sababu mwaka huu nataka kukodi la kwangu.

MkobaWaNgozi
Fundi, njoo inbox. Stoo_Kuu, nimehesabu waliotaja idadi, ni 17. Mmoja ni mama mwenye duka. Nimeandika "mweusi wa zipu, pcs 24, mkanda mfupi".

Stoo_Kuu
Hiyo ni dhahabu. Mkanda unaweza kurefushwa?

MkobaWaNgozi
Fundi wangu mmoja kaongeza sentimita 12 jana, nimepiga na picha.

Stoo_Kuu
Na mafundi sita wanatoa mikoba mingapi kwa wiki?

MkobaWaNgozi
Kama 40, ngozi ikiwepo.

Stoo_Kuu
Basi mama huyo mwandikie hivi, na picha mbili tu, ya mkoba alioushika na ya mkanda mpya:

"Habari mama, ni mimi wa mikoba ya ngozi, banda la kona. Ulishika huu mweusi wa zipu ukasema mkanda ni mfupi. Tumeurefusha kwa sentimita 12, tazama picha ya pili. Vipande 24 vitakuwa tayari siku 14 baada ya malipo ya awali, ukithibitisha kabla ya Ijumaa ijayo. Nikuandalie profoma ya 24, au uanze na sampuli moja?"

Swali la mwisho analijibu kwa neno moja akiwa kaunta na mteja mbele yake. "Usisite kuwasiliana nasi" halijibiki.

Hiyo Ijumaa usidhani ni mbwembwe. Watu kumi wakikubali 24 kila mmoja ni mikoba 240, yaani wiki sita za mafundi wako. Ukiwaahidi wote siku 14, wengi wao utawakosea kwenye oda ya kwanza kabisa. Tuma watano watano, na kila anayethibitisha, siku za anayefuata zisogeze mbele.

Mama_Mashuka
Naongezea yaliyonikuta. Nilitoka maonyesho na namba 80, nikaona nifanye la maana, nikafungua kundi la WhatsApp nikawatia wote. Saa ya kwanza raha tupu, "asante kwa kuniunga". Baadaye mmoja akauliza bei ya shuka za jumla hadharani. Kabla sijajibu, mwenzake akaandika, "mimi nilipewa bei hii pale bandani". Wa tatu akaja na bei nyingine, kwa sababu alichukua nyingi na nilimpunguzia. Nikaanza kujieleza, kila sentensi inazidi kunizamisha. Usiku watu wakaanza kutoka kundini. Kumbe ndani alikuwemo na mshindani wangu, aliniachia kadi kama mteja! Wiki ileile wateja wangu wawili wakaniambia kuna mtu kawapigia anauza shuka kama zangu. Namba zote nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye baruapepe ni yaleyale ukiwapanga wote kwenye Cc.

Kasi_Moja
Pole dada. Ila hapo kosa ni kundi, si brodikasti.

Wakala_Mtulivu
Mimi napinga kitu kimoja. Ujumbe wa Stoo_Kuu hauna bei. Mnunuzi wa jumla bila bei anapita.

Stoo_Kuu
Bei ipo kwenye profoma. Ukiiweka kwenye ujumbe wa kwanza, inazungushwa kwa wengine kama ya Mama_Mashuka.

Wakala_Mtulivu
Na ukiificha, naona unataka kunipima mfuko. Mimi naweka bei ya idadi aliyoitaja yeye, basi.

Mama_Mashuka
Mimi hapo nipo katikati. Kama aliambiwa bei bandani, mrudishie ileile aliyoambiwa. Usithubutu kubadilisha.

Fundi_Cherehani
Na simu je? Mimi bila kusikia sauti ya mtu siamini.

Stoo_Kuu
Simu baada ya ujumbe, ukiona kausoma na kanyamaza siku tatu nne. Mara moja. Ukipiga kabla hajaona picha utaanza kueleza mkoba kwa maneno.

MkobaWaNgozi
Mrejesho wakuu. Nilituma watano wa kwanza jana jioni. Mama wa duka kajibu "sampuli", nimemwandalia. Mmoja kataka profoma ya 36. Wawili kimya. Wa tano kajibu "nani mwenzangu?", na huyo nilimsahaulia picha.

Wakala_Mtulivu
Wa 36 ulimpa bei kwenye ujumbe au hukumpa?

MkobaWaNgozi
Nilimpa, aliniuliza bandani.

Wakala_Mtulivu
Haya, mmeona.

Stoo_Kuu
Mmoja tu huyo. Subiri awamu ya pili.

Kasi_Moja
Huo mweusi wa zipu, kipande kimoja unatoa?