Kutuma siriali kwa ATtiny13A isiyo na UART: lupu, taima, au chipu nyingine?

Mkazi wa Chumbageni, Tanga
Ndugu zangu, kifaa changu cha kupima kina cha maji katika tangi la juu ya paa kinatumia ATtiny13A, ambayo haina UART. Ninapandisha na kushusha pini kwa lupu yenye `_delay_us(104)` baada ya kila biti ili nipate baudi 9600, lakini kompyuta inaonyesha herufi zisizoeleweka. Je, niirekebishe lupu, nihamie kwenye taima, au nitafute chipu nyingine?

Fundi wa Ngamiani
Hamia kwenye taima. Interapti ikiita kila baada ya maikrosekunde 104, kazi za lupu hazitarefusha biti, na tatizo litakwisha.

Mwalimu wa Bagamoyo
Fundi amesema kweli kuhusu lupu, ila tatizo halitakwisha lazima. ATtiny13A hutoka kiwandani ikiendeshwa kwa 1.2 MHz, kwa hiyo hatua moja huchukua maikrosekunde 0.83. Lupu ikitumia hatua kama 10 kwa kazi zake, biti hufikia maikrosekunde 112, yaani asilimia 8 zaidi. Mpokeaji hujipanga mara moja tu, pini inaposhuka mwanzoni mwa herufi, kisha husoma katikati ya kila biti kwa saa yake mwenyewe. Kosa hujilimbikiza hadi biti mbili za mwisho anazisoma kabla hazijafika. Ukizima CKDIV8, fyuzi inayogawa saa ya chipu kwa 8, na kuweka `F_CPU` kuwa 9600000UL, hatua hizo 10 zitakuwa maikrosekunde 1 tu.

Linalobaki ni saa ya ndani, ambayo kiwandani huruhusiwa kukosea hadi asilimia 10, na taima hutegemea saa hiyo hiyo. Tuma herufi `U`, kisha upime kwa osiloskopu kutoka mshuko wa kwanza hadi wa tano: ziwe maikrosekunde 833. Ukipata 870, saa ni ya polepole, basi ongeza `OSCCAL`, rejista inayorekebisha saa hiyo, kidogo kidogo. Nisingenunua chipu nyingine kabla ya kipimo hicho.

Mwanachama wa Pangani
Mimi hupeleka data kwenye 74HC595 kwa pini tatu, na sijawahi kupima muda wowote. Kwa nini ninyi mnahangaika hivi?

Mwalimu wa Bagamoyo
Kwa sababu pini yako moja ni ya saa, na 74HC595 huchukua biti pale tu unapoipandisha, hata ukichelewa. Mwenzetu ana pini moja tu.

Mkazi wa Chumbageni, Tanga
Nashukuru, Mwalimu. Baada ya kuzima CKDIV8 nilipata 861, nikarekebisha `OSCCAL` hadi 836, na herufi zinasomeka. Hofu yangu ni joto la bati saa sita mchana.

Fundi wa Ngamiani
Basi shuka hadi baudi 1200, upate nafasi.

Mwalimu wa Bagamoyo
Kushuka hupunguza uzito wa hatua za lupu, lakini saa iliyokosea kwa asilimia 4 hubaki imekosea kwa asilimia 4 katika baudi yoyote. Pima tena `U` juani na alfajiri. Tofauti ikizidi asilimia 2, nitakubali hoja ya chipu nyingine, yenye nafasi ya kioo cha saa.