Bao la kwanza au bao wakati wowote: bei ipi inakula pesa zaidi?

Kijana wa Ubungo: Wakuu, habari za jioni. Mshambuliaji mmoja, mechi moja. Kampuni ya kubeti inampa 2.40 kufunga wakati wowote, na 5.50 kufunga bao la kwanza. Mimi naona hiyo ya pili ndiyo yenye faida, maana inalipa mara mbili na zaidi. Nani ananipinga, na kwa hesabu gani?

Mkali wa Mikeka: Mimi sikupingi. Siri ni mabao tu. Timu ikitarajiwa kufunga mengi, mshambuliaji wake anapanda kotekote. Ndiyo maana natafuta mechi ambazo timu zote mbili zinafungana, halafu nachukua bao la kwanza.

Fundi Saa: Umepatia nusu, kaka. Mabao ya timu yake yanambeba, lakini mabao ya wapinzani yanamwibia bao la kwanza. Kwenye kufunga wakati wowote wapinzani hawamgusi kabisa; hata wakifunga manne, lake moja linatosha.

Nipeni nafasi niweke namba. Tuseme bei za mshindi na za jumla ya mabao zinaonyesha timu yake inatarajiwa kufunga 1.8 na wapinzani 1.0. Katika hiyo 1.8, kama 0.1 ni ya penati, kwa sababu timu hupata penati moja hivi katika mechi saba au nane na nne katika tano huingia. Inabaki 1.7. Mtu wetu akiwa uwanjani dakika zote hufunga kama moja ya tano ya mabao hayo, yaani 0.34. Akiwa yeye ndiye mpigaji penati, anaongeza 0.1. Jumla 0.44. Sasa ingiza hii kwenye Excel:

```
=1-EXP(-0.44)
```

Inatoka 0.356, yaani katika mechi mia kama hizo atafunga angalau bao moja kwenye 36 hivi. Gawa 1 kwa 0.356, unapata bei isiyo na chumo la kampuni, yaani bei halali: kama 2.80. Wao wamekupa 2.40.

Bao la kwanza: mabao yote ya mechi ni 2.8, na sehemu yake ni 0.44. Gawanya upate 0.157, kisha zidisha kwa 0.94, maana hapa mechi 6 katika mia huisha bila bao. Inabaki kama 15 katika mia, na bei halali ni 6.80 hivi. Wewe umepewa 5.50. Ukiweka shilingi 1,000 mara nyingi sana kwa bei hizo, ya wakati wowote inakurudishia wastani wa 850, ya bao la kwanza 810. Hiyo inayolipa sana ndiyo inayokukata zaidi.

Na Mkali, mechi yako ya kufungana hii hapa: wapinzani wakipanda kutoka 1.0 hadi 2.0, bei halali ya wakati wowote inabaki 2.80 ileile. Ya bao la kwanza inaruka hadi 8.80. Ukiona kampuni imeiacha kwenye 6, umeuziwa bei ya mechi nyingine.

Mkali wa Mikeka: Hapo kwa wapinzani nakubali. Lakini hiyo moja ya tano umeitoa wapi? Ukiweka moja ya nne kila kitu kinabadilika.

Fundi Saa: Kweli kabisa, na hapo ndipo watu wanapobishana kwa haki. Mimi naangalia mashuti yake na mahali anapoyapigia, nayagawa kwa dakika alizocheza, penati nikiziweka pembeni. Ukiangalia mabao matupu unadanganyika. Mfano ni Cole Palmer wa Chelsea msimu wa 2023/24: mabao 22 ya ligi, 9 yakiwa ya penati. Anayegawa 22 kwa mechi anadhani ananunua mtu wa kufunga kwa mpira wa kawaida, kumbe karibu nusu ya bidhaa ni ile kazi ya kupiga penati. Kazi hiyo inaweza kugombewa. Aprili 15, 2024, Chelsea wakiifunga Everton 6-0, tuliona wenzake Madueke na Jackson wakimng'ang'ania mpira wa penati. Palmer aliupata na akafunga, bao lake la nne siku ile. Siku mpigaji akibadilishwa, 0.44 yetu inashuka hadi 0.34, na bei halali inatoka 2.80 hadi karibu 3.50.

Mama Zawadi: Mimi sijafika kwenye hesabu hizo, wanangu, lakini nina kilio. Nilimweka mchezaji afunge wakati wowote. Akaanzia benchi, akaingia dakika ya 86, hakufunga, pesa ikaliwa. Wiki nyingine nilimweka mwingine bao la kwanza, naye akaanzia benchi, nikarudishiwa dau langu. Kampuni ileile! Haki iko wapi?

Fundi Saa: Pole sana mama. Kanuni za kampuni nyingi ziko hivyo. Kwenye wakati wowote, akigusa uwanja hata dakika moja, mkeka uko hai. Asipoingia kabisa, dau linarudi. Kwenye bao la kwanza, akiingia baada ya bao hilo kufungwa, dau linarudi, maana hakupata nafasi ya kushindania. Bao la kujifunga halihesabiwi kote kuwili.

Dakika ndizo zinazotenganisha bei hizi mbili kuliko watu wanavyodhani. Mtu wetu wa 0.44 akiwa na tabia ya kutolewa dakika ya 70, bei halali ya wakati wowote inatoka 2.80 hadi karibu 3.45. Dakika ishirini zimemgharimu sawa na kupokonywa penati! Ya bao la kwanza inasogea kidogo tu, kutoka 6.80 hadi 7.20 hivi, kwa sababu mara nyingi bao la kwanza huwa limeshaingia kabla hajatoka.

Mzee Refa: Bado mama hajajibiwa. Mimi nasema mchezaji asipofikisha dakika kumi, dau lirudi. Dakika nne si nafasi ya kufunga.

Fundi Saa: Shikamoo mzee. Shida ni kwamba hizo dakika nne zimeshaingizwa kwenye bei. Kabla kikosi hakijatangazwa, kampuni inachanganya: tuseme 80 katika mia ataanza, 20 ataingia dakika ishirini za mwisho. Bei halali inakuwa 3.30 badala ya 2.80. Ukirudisha dau la waliokaa benchi, watauza 2.80 toka asubuhi, na mama atalipwa kidogo siku mtu wake akianza.

Mzee Refa: Marahaba. Hesabu yako naielewa, lakini anayeijua ni kampuni na wewe. Mama aliona jina na namba tu. Afadhali bei ndogo ambayo mnunuzi anaijua kuliko kubwa yenye benchi ndani yake.

Mkali wa Mikeka: Mimi nabaki na hiyo kubwa. Nikihisi ataanza, ile 3.30 ndiyo chakula changu.

Kijana wa Ubungo: Kwa hiyo nikisubiri kikosi kitoke, nitakuta bei imeshashuka. Nikiweka mapema, nabeba benchi. Fundi, huyu wangu wa 2.40 kikosi chake bado hakijatoka, na kocha wake wiki iliyopita alimtoa dakika ya 68.

Fundi Saa: Basi 2.40 hiyo ni mbaya zaidi ya nilivyokuhesabia. Mimi nilimpa dakika 90 na nikamwanzisha.