Rimu za spoki: nibaki na tyubu, au nizibe rimu kwa tepi niende tyublesi?

Njia_Ndefu:
Wakuu habari. Pikipiki yangu ina rimu za spoki, na tairi zote mbili zimefika mwisho, kwa hiyo nitazibadilisha karibuni. Kabla sijanunua nataka kuamua jambo moja. Nibaki na tyubu kama ilivyotoka kiwandani, au nizibe matundu ya spoki kwa tepi maalumu nitumie tyublesi? Kinachonisukuma ni pancha. Ya tyubu inaisha upepo ghafla, lakini wenye tyublesi wanatembea na msumari mpaka jioni. Ipi bora?

Mpima_Rimu:
Mkuu, hapo hujatupa kitu cha kujibia. Ukubwa wa rimu ya mbele na ya nyuma ni upi? Rimu imegongwa maandishi gani? Tairi unazotaka kununua zimeandikwa TL, yaani za tyublesi, au TT, yaani za tyubu? Halafu ukitoa tairi, pale ukingo wake unapokaa kuna tuta dogo linalozunguka rimu nzima, au ni bapa tu mpaka kwenye bonde la katikati ya rimu? Bila hilo la mwisho, mtu akikushauri anabahatisha.

Gia_ya_Tano:
Mbona rahisi. Kila rimu ya spoki ina mkanda wa mpira tayari juu ya nati za spoki. Toa tyubu, weka mkanda mpana unaobana vizuri, funga vali ya tyublesi, jaza. Mkanda unaziba.

Mama_Gurudumu:
Kijana wangu, huo mkanda hauzibi upepo. Kazi yake ni kuzuia vichwa vya nati visikwaruze tyubu. Haujagundishwa popote, na pale vali inapopita una tundu. Ukijaza upepo bila tyubu, hewa itapita chini yake na kutoka kwenye nati zote kwa pamoja. Kinachoziba ni tepi ya akriliki inayonata yenyewe, unene wa milimita 2 hivi, iliyobandikwa kwenye rimu safi kabisa. Vitu viwili tofauti, ingawa watu wanaviita vyote mkanda.

Ila swali la Njia_Ndefu kuhusu pancha ni zuri na lina jibu lake. Tyubu ni mpira uliovutwa. Ukitoboa mpira uliovutwa, tundu halibaki la ukubwa wa msumari, linapanuka, na mara nyingi linachanika kuwa mstari. Tena tyubu na tairi havisogei pamoja sawasawa. Gurudumu likizunguka, msumari umeshikwa na tairi huku tyubu inacheza kidogo ndani yake, basi kila mzunguko unaongeza mchaniko. Upepo ukishatoka kwenye tyubu haukutani na kizuizi: unaingia kati ya tyubu na tairi, unatafuta matundu ya spoki, mara nyingi 36, na tundu la vali, unaondoka.

Kwenye tyublesi hakuna mpira uliovutwa. Tabaka la ndani linalozuia hewa limeshikana na tairi lenyewe, na mpira mnene wa tairi unaubana msumari kama kizibo. Hewa inavuja pembeni ya msumari, polepole. Ukiung'oa msumari ndipo unapoanza kupoteza upepo kwa kasi, kwa hiyo usiung'oe kabla hujashika vifaa vya kuziba mkononi.

Njia_Ndefu:
Asante sana mama. Mpima_Rimu, nimeangalia. Nyuma imegongwa MT 2.50x18, mbele 1.85x21. Tairi niliyochagua ya nyuma ni 120/80-18 TL, ya mbele 90/90-21 TT. Spoki zote zinaingia katikati ya rimu. Tuta sijaliona bado kwa sababu tairi ziko mahali pake.

Mpima_Rimu:
Sasa tunaongea. Ya mbele iache na tyubu. Tairi ya TT haina lile tabaka la ndani la kuzuia hewa. Hata rimu ukiiziba vizuri namna gani, hewa itapenya kwenye nyuzi za tairi na utakuwa unajaza kila siku.

Na hata ungepata ya TL kwa mbele, rimu nyembamba za inchi 21 mara nyingi hazina lile tuta. Kazi ya tuta ni kushika ukingo wa tairi upepo ukipungua. Bila tuta, tairi ikilegea kwenye kona ukingo unadondokea bondeni, na hapo upepo wote unatoka mara moja. Yaani utakuwa umeondoa tyubu ili upate pancha ya polepole, kisha rimu inakurudishia ile ile ya ghafla, na mbele ndiyo mahali pabaya kuliko pote.

Nyuma herufi za MT ni dalili nzuri, lakini si hati. Kuna MT zenye tuta na zisizo nalo. Pitisha kidole ukitoa tairi.

Vumbi_Jekundu:
Mimi natumia tyublesi miaka yote, sijawahi kuziba kitu. Nafunga tairi, najaza, natembea. Sioni ugumu uko wapi.

Mpima_Rimu:
Ndugu, rimu zako ni za spoki kweli?

Vumbi_Jekundu:
Hapana, ni zile za kumwagwa kipande kimoja.

Mpima_Rimu:
Basi hazina matundu ya kuziba. Mada ni za spoki. Zipo pia za spoki zisizohitaji tepi, zile ambazo spoki zinafungwa pembeni kabisa ya rimu, nje ya chumba cha hewa. BMW walizitumia kwenye R 100 GS ya 1987. Za Njia_Ndefu zinaingia katikati, kwa hiyo kila nati ni tundu.

Spana_ya_Spoki:
Wanaouza tepi hawasemi kazi inaharibikia wapi. Niwaeleze gurudumu moja la nyuma lililofika mezani likiwa limeshazibwa, likipoteza psi 4 kila usiku. Mwenyewe alipaka maji ya sabuni, akaona povu kwenye nati tatu zilizo upande wa pili wa vali. Akaweka silikoni juu ya nati hizo kwa nje. Kesho yake povu likatokea kwenye nati nyingine mbili. Akaziba nazo. Likahamia tena.

Sababu ni kwamba povu linaonyesha hewa inapotokea, halionyeshi inapoingilia. Hewa ikipata upenyo chini ya tepi mahali pamoja, inasafiri kwenye bonde la rimu hadi nati iliyolegea kuliko zote, hata kama iko nusu duara mbali. Ukiziba nati hiyo kwa nje, inatafuta nyingine. Ndiyo hali ile ile ya gurudumu la tyubu: sabuni kwenye nati haikwambii pancha iko wapi.

Tairi lilipotolewa yalikutwa makosa mawili. Spoki mbili zilikuwa zimetokeza juu ya nati zake kama milimita moja, hazikukatwa kwa tupa, zikaitoboa tepi taratibu. La pili, rimu ilinyooshwa baada ya kubandikwa tepi. Ukizungusha nati, kichwa chake kinazunguka chini ya gundi na kuibandua. Basi utaratibu ni huu: nyoosha rimu kwanza mpaka uridhike, kata kwa tupa kila ncha iliyotokeza, sugua bonde kwa brashi ya waya, futa kwa spiriti mara mbili kwa vitambaa tofauti. Kila nati iwekee tone la silikoni, ila si ile inayonuka kama siki, maana inakula chuma. Acha siku nzima ikauke. Ndipo ubandike tepi, ukianzia mbali na tundu la vali, ukiikandamiza kwa roli ndogo kila sentimita, na mwisho wake ulale juu ya mwanzo kwa sentimita 5 hivi.

Siku spoki ikikatika, au rimu ikihitaji kunyooshwa tena, unarudi mwanzo. Kwa mtu anayepita njia ya mawe kila wiki, mimi nasema tyubu.

Gia_ya_Tano:
Sawa kuhusu mkanda, nilichanganya. Lakini gurudumu likizunguka kwa kasi, tepi si itarushwa nje?

Mama_Gurudumu:
Swali zuri. Mzunguko kweli unaivuta tepi kuelekea tairi, mbali na rimu. Lakini tepi ni nyepesi. Kwa kilomita 100 kwa saa mvuto huo haufiki hata psi 1, wakati upepo wa ndani unaikandamiza kwa psi 29 au zaidi. Tepi iliyobandikwa vyema inasaidiwa na upepo wenyewe. Tatizo linaanza hewa ikishaingia chini yake, kwa sababu presha ya juu na ya chini inakaribiana na tepi inabaki kushikwa na gundi peke yake. Ndiyo maana Spana_ya_Spoki anasisitiza usafi.

Njia_Ndefu:
Na vali? Tundu langu ni dogo.

Spana_ya_Spoki:
Tundu la vali ya tyubu kwa kawaida ni milimita 8.3. Vali ya mpira ya kuvuta inataka tundu kama la milimita 11.5, usitoboe rimu kwa ajili yake. Tafuta vali ya chuma ya 8.3 yenye pete za mpira na nati. Ina faida nyingine: ukipigwa na jiwe rimu ikabonyea, ukingo wa tairi ukaanza kuvuja, unafungua nati, unatoa vali, unaingiza tyubu ya akiba na kuendelea. Kwa hiyo tyubu usiache nyumbani hata ukiziba rimu.

Bluu_Mbili:
Kwa nini msimwambie atie dawa ya maji ya kuziba pancha ndani ya tyubu, amalize?

Mpima_Rimu:
Kwa sababu inaziba tundu, haizibi mchaniko. Tyubu inachanika.

Bluu_Mbili:
Mwiba mwembamba hauchani, na miiba ndiyo mingi. Mimi nasema inafaa.

Mama_Gurudumu:
Mwiba mwembamba sawa, nakubaliana nawe. Msumari wa inchi tatu, hapana. Na ukitia dawa hiyo, kiraka kinashika kwa shida kwa sababu mpira umelowa.

Vumbi_Jekundu:
Halafu tyubu zenyewe zinatofautiana. Ya butili inakaa na upepo wiki nyingi, ya mpira asilia inapungua yenyewe hata bila pancha.

Spana_ya_Spoki:
Kweli, ila ya mpira asilia inavumilia kuvutwa na haichaniki upesi. Kwa mbele ningechukua hiyo nene, nikakubali kupima upepo kila wiki.

Mama_Gurudumu:
Mimi ningebaki na butili hata mbele. Wengi hawapimi kila wiki, na tairi laini inazunguka juu ya rimu, inaivuta tyubu na kung'oa shina la vali. Ukiona vali imelala upande, tayari imeanza.

Njia_Ndefu:
Yangu ya mbele imelala kidogo! Nilidhani ilitoka hivyo. Jumamosi natoa tairi ya nyuma nitafute hilo tuta. Spana_ya_Spoki, hiyo vali ya mbele niirudishe wima vipi bila kutoa gurudumu?

Spana_ya_Spoki:
Toa upepo wote, banua ukingo wa tairi pande zote mbili, paka maji ya sabuni, kisha zungusha tairi kwa mikono kinyume na upande iliokwenda. Nati ya shina la vali usiikaze kwenye rimu, iwe juu karibu na kifuniko, ili tairi ikizunguka tena uone shina likilala kabla halijang'oka.

Bluu_Mbili:
Wengine tunaikaza kwenye rimu na haijawahi kuleta shida.