Naomba ushauri: kanuni ya waziri imepita sheria mama?

Habari za leo wanajukwaa. Nina biashara ndogo hapa Kenya, sekta sitaitaja. Sheria mama inampa waziri uwezo wa kutunga kanuni kuhusu "namna ya kuomba leseni na ada zake", halafu mwishoni kuna kifungu cha jumla: "na jambo lolote la kutekeleza vyema sheria hii". Sasa kanuni mpya inasema asiye mwanachama wa chama fulani hapewi leseni kabisa, na faini ni shilingi 100,000.

Ninavyoelewa, Ibara ya 94 ya Katiba inataka Bunge lionyeshe wazi mipaka na madhumuni ya uwezo linaomkabidhi waziri. Kupanga namna ya kuomba ni kitu kimoja, kumfungia mtu mlango ni kingine. Je, kile kifungu cha jumla kinaweza kubeba sharti zito hivyo? Mimi naona kinatekeleza yaliyomo tu, hakizai masharti mapya, lakini wakili wa upande wa pili anakishikilia sana.

Faini nayo inanitia shaka, kwani sheria ya 2013 inayosimamia kanuni za mawaziri inaweka kikomo cha shilingi 20,000, na sheria mama haijataja kiwango kingine.

Wanasheria, niende Mahakama Kuu sasa, au nisubiri ninyimwe leseni kwanza? Na nikishinda, kanuni yote huanguka au kile kipande kilichozidi tu?