Hatifungani inayogeuka hisa, riba asilimia 8: niingie?

Wa_Tabata: Wakuu, shikamooni. Kuna kampuni hapa Dar inataka milioni 10 zangu kwa miaka 3. Hatifungani yao ya kawaida inalipa asilimia 13 kwa mwaka, hii inalipa 8, eti kwa sababu inaweza kugeuka hisa kwa bei ya 500. Hisa leo ni 400. Riba pungufu niikubali ya nini?

Daftari: Milioni 10 gawa kwa 500, ni hisa 20,000. Miaka 3 ikiisha hisa iko 800, unageuza, una mali ya milioni 16. Iko 200, hugeuzi, unadai milioni 10 zako. Uhuru huo wa kuchagua ndio unaoulipia kwa riba unayoiacha: laki 5 kwa mwaka, jumla milioni 1.5. Kwa hiyo hisa ikifika 500 bado uko nyuma. Mpaka 575 ndipo unalingana na aliyechukua ya kawaida.

MamaNtilie_Mbezi: Kumbe haina hasara! Hisa zikishuka hela inarudi.

Daftari: Inarudi kampuni ikiwa hai, dada. Ikifilisika, benki yenye dhamana inalipwa kwanza.

Kijana_wa_Mbagala: Mimi nina za serikali za miaka 25. Nazo zinageuka?

Daftari: Serikali haina hisa za kukupa, mdogo wangu. Wa_Tabata, nani anaamua kugeuza, wewe au kampuni?

Wa_Tabata: Kwani kuna tofauti?

Daftari: Ndiyo yote hiyo. Soma mkataba.

Wa_Tabata: Umeandikwa "kampuni inaweza kulipa deni kwa hisa siku ya mwisho, kwa bei ya 500". Ila mkurugenzi ni shemeji yangu, na milioni 4 nimeshatoa.

Pilipili: Chai hii, tena haina hata tangawizi. Kampuni ya soko la hisa ikauze hatifungani kwa shemeji?

Wa_Tabata: Sikusema iko sokoni. Hiyo 400 wamepanga wenyewe.

Pilipili: Mnaona? Kila ukurasa anaongeza kipande.

Daftari: Iwe chai au uji, kipengele hicho kipo kwenye mikataba. Hisa zikiwa 200, watakupa 20,000 zenye thamani ya milioni 4 na deni limekwisha. Zikiwa 800, watakurudishia milioni 10 taslimu. Uhuru wa kuchagua umewauzia wao, basi wao ndio wakulipe zaidi ya 13. Na hiyo 400, kama hakuna aliyenunua kwa bei hiyo, ni namba tu.

Wa_Tabata: Shemeji si mtu wa kunifanyia hivyo.

MamaNtilie_Mbezi: Na dada yako anasemaje?

Daftari: Usitoe 6 zilizobaki kabla hawajaandika "mwenye hatifungani" mahali palipoandikwa "kampuni". Pia iandikwe kwamba wakiuza hisa mpya chini ya 500, bei yako nayo inashuka.

Wa_Tabata: Wakikataa, zile 4 nazidaije?

Pilipili: Risiti unayo?