Nimepata ofa kampuni ya malori Chang'ombe, nitajuaje kama iko vizuri kifedha?

Msafiri_Kimara: Habari za muda huu wakuu. Mimi ni mhasibu msaidizi, nina miaka mitatu kwenye kampuni moja hapa Dar, nachukua 850,000. Wiki iliyopita nimepewa ofa na kampuni ya kusafirisha mizigo ya Zambia na Kongo, wanatoa 1,600,000. Ofisi iko Chang'ombe, yadi imejaa semi. Naomba kujua, mtu anaichunguzaje kampuni kabla ya kusaini? Nataka kujua kama wana hela kweli au ni mbwembwe tu. Jina sitalitaja.

Chuma_cha_Reli: Ingia BRELA mtandaoni, andika jina. Ukiikuta imesajiliwa, saini ulale usingizi. Mbona rahisi.

Kiazi Kitamu: Mkuu 1.6 kwa mhasibu ni ndogo. Ningekuwa wewe ningewaambia 2.2, wao washuke hadi milioni mbili. Usikubali ofa ya kwanza.

Msafiri_Kimara: @Kiazi Kitamu sijauliza habari ya kiasi kaka.

Kalamu Nyekundu: Chuma, usajili wa BRELA unakuambia kampuni ipo, ilianza lini na ni ya nani. Hela haukuambii. Kampuni binafsi haitangazi hesabu zake. Tumezoea kuona mizania za benki kwenye magazeti kila robo mwaka kwa sababu benki zinalazimika. Mwenye malori halazimiki.

Msafiri, maswali mawili. Jina lililo kwenye barua ya ofa ndilo lililoandikwa kwenye milango ya malori? Na una mtu unayemfahamu ndani?

Dada wa Segerea: Mimi niliwahi kufanya kazi hoteli moja (siitaji), wageni wanajaa mpaka tunawakataa. Mshahara tukawa tunalipwa mafungu, nusu tarehe 5, nusu tarehe 20, mara tunaambiwa tuchukue mchele stoo, tutakatwa baadaye. Mwenye nyumba wangu alikuwa hataki kusikia habari ya mafungu. Tangu siku hiyo sidanganywi na wingi wa wateja.

Msafiri_Kimara: Majina yanafanana sana. La kwenye malori lina neno moja pungufu. Nadhani ni kufupisha tu.

Kalamu Nyekundu: Usidhanie hapo. Tafuta yote mawili BRELA, kwenye ORS. Uone kama ni namba moja ya usajili au mbili, na tarehe. Ripoti ya wakurugenzi na wanahisa utailipia, ila ndiyo yenye nyama. Na sijajibiwa swali la pili.

Mzee wa Busara: Vijana wa siku hizi tamaa. Miaka mitatu tu mtu anahama. Sisi tulikaa bandarini hadi kustaafu na watoto wakasoma.

Chuma_cha_Reli: Mzee wa Busara enzi zenu mkate shilingi ngapi?

Msafiri_Kimara: Nimerudi. Ni namba mbili tofauti. Ya malori ni ya 2014. Ya kwenye ofa yangu imesajiliwa mwaka huu mwezi wa sita, ila mkurugenzi ni mmoja. Kuhusu mtu wa ndani, yupo shemeji yangu, kaka wa mchumba wangu. Ndiye aliyeniunganisha. Anasema mishahara inachelewa kidogo lakini inatoka.

Kalamu Nyekundu: Sasa tunaongea. Nimeandaa mishahara ya watu miaka mingi, kwa hiyo nisikilize taratibu.

Kampuni ikibanwa haianzi kwa kukata mshahara, maana wafanyakazi watapiga kelele siku hiyo hiyo. Inaanza na kile ambacho mfanyakazi hakioni: NSSF. Kwenye slipu unakatwa asilimia 10, mwajiri anapaswa kuweka 10 yake, lakini hela yote inabaki kununua dizeli. Mwombe shemeji aangalie taarifa yake ya michango kwenye simu, au aende tawi lolote la NSSF na namba yake ya uanachama. Alinganishe na slipu zake mwezi kwa mwezi. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo leo Oktoba, kukosekana Septemba si tatizo. Agosti ilitakiwa iwe imeingia.

Msafiri_Kimara: Nimemwambia. Mchango wa mwisho ni wa Mei. Juni, Julai, Agosti hakuna, ila kwenye slipu amekatwa. Anasema labda ni mfumo.

Kalamu Nyekundu: Mfumo huwa unakosea kweli, jina likipishana na kitambulisho mchango unaweza kuning'inia. Ndiyo maana atafutwe mwenzake mmoja naye aangalie. Wakikosa wote miezi ile ile, huo si mfumo.

Sasa unganisha. Juni michango imesimama, Juni hiyo hiyo kampuni mpya imezaliwa, na wewe unaajiriwa na hiyo mpya. Malori yako kwenye kampuni ya zamani pamoja na madeni yake. Mpya huenda haina hata pikipiki. Siku wakishindwa kukulipa, ukaenda tume ya usuluhishi wa kazi, CMA, ukashinda, utakamata nini? Inawezekana pia kuna sababu halali, watu hutenganisha biashara. Waulize kwa maandishi: mwajiri wangu ni nani, na mali zake ni zipi. Halafu weka jina la zamani kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, uone kama kuna mashauri ya madai ya mishahara yaliyofika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kesi moja mbili ni kawaida kwa mwajiri mkubwa. Tazama zinadai nini.

Chuma_cha_Reli: Ila na mikopo je? Nasikia BRELA wanaonyesha na rehani.

Kalamu Nyekundu: Zinasajiliwa, ndiyo. Lakini kampuni ya malori isiyo na rehani benki ni nadra, semi zinanunuliwa kwa mkopo. Hiyo peke yake isimtishe.

Dada wa Segerea: Msafiri, wewe baki ulipo mpaka wakujibu. Kwani kuna haraka gani?

Msafiri_Kimara: Haraka ipo. Nilishatoa notisi ya siku 28 Ijumaa.

Kiazi Kitamu: 😂😂 Sasa ulikuwa unaomba ushauri wa nini?

Msafiri_Kimara: Jamani kule walitaka nianze mapema, na shemeji ndiye aliyenisemea kwa mkurugenzi. Ningemwangushaje? Na 850 kwa nauli ya Kimara hadi mjini haitoshi. Hata ikichelewa, 1.6 ni 1.6.

Bandari Salama: Hii chai. Leteni vitafunwa. Mhasibu hajui BRELA, BRELA anaipekua ndani ya saa moja, shemeji anapata taarifa ya NSSF papo hapo, na notisi inatokea mwishoni kama tamthilia.

Msafiri_Kimara: BRELA naijua, sikuwahi kufikiria kumchunguza mwajiri huko. Nimeweka picha ya barua, nimefuta majina.

Bandari Salama: Barua hiyo stesheneri yoyote ya Kariakoo wanachapa.

Mzee wa Busara: Muhuri wenyewe umepinda.

Kalamu Nyekundu: Iwe chai au si chai, michango isiyopelekwa ninaijua. Msafiri, kesho asubuhi nenda kwa bosi wako uombe kuondoa notisi, kwa barua. Halazimiki kukubali, kwa hiyo uwahi kabla hawajapata mtu. Na kule ukianza, ndani ya miezi 6 ya kwanza huwezi kudai umeachishwa isivyo haki, wakikutoa umetoka.

Msafiri_Kimara: Bosi nitamwambiaje? Nilishaaga hadi jikoni.

Dada wa Segerea: Kuaga jikoni hakuna sheria yake.

Msafiri_Kimara: Nasubiri kwanza yule mwenzake shemeji aangalie michango yake. Yuko safarini Tunduma, simu haipatikani.

Chuma_cha_Reli: @Kalamu Nyekundu mkuu, nami nimeangalia yangu sasa hivi. Julai na Agosti hazipo. Nianzie wapi, kwa mhasibu wetu au NSSF moja kwa moja?