Tupeane uzoefu: kuachana ukiwa mtu mzima, na macho ya majirani na mawifi (Moshi na Arusha)

Mama wa Pasua:
Habari za jioni ndugu zangu. Nina miaka 48 na watoto watatu, wa mwisho yuko bweni kidato cha tatu. Tangu Machi nimepanga chumba na sebule huku Pasua. Kibosho wanajua nimeshuka mjini kwa ajili ya biashara, na kwa kuwa nauza mitumba Kiboriloni, uongo unapita. Baba watoto yuko kihambani, kwenye nyumba tuliyojenga pamoja. Hatujaenda baraza wala mahakama, maana kwenda ni kutangaza. Sasa Desemba hiyo inakuja, ukoo mzima utapanda, na wifi wa Dar ameshapiga simu kuuliza tunaandaa nini. Aliyepita huku kwenye umri huu, alianzaje? Aliwaambiaje watu?

Mzee wa Njoro:
Pole dada. Usihangaike na watu, sheria iko wazi: mali za ndoa ni nusu kwa nusu. Nenda mahakamani, utakatiwa nusu ya nyumba, maneno yatakwisha yenyewe.

Karani Mstaafu:
Mzee wa Njoro, hapo umepata kidogo na umekosa kidogo. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, na hiyo "nusu kwa nusu" imewaumiza wengi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mahakama itaangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Watu huishia hapo kusimulia. Hawasemi kwamba mama yule alishinda hoja, ila hakuongezewa kitu, kwa sababu mumewe alishampa fedha za kuanzisha biashara naye akazitapanya.

Halafu mama, umesema kihamba. Kama alirithi kwa baba yake kabla hajakuoa, ardhi hiyo usiihesabu. Unachoweza kudai ni kile mlichoendeleza humo, yaani nyumba, kisima, banda. Sasa jiulize utathibitishaje. Risiti za saruji na bati, daftari la kikoba linaloonyesha mkopo ulioukopa kwa ajili ya kuezeka, fundi aliyelipwa na wewe. Kila mwaka unaokaa kimya, fundi anahama na risiti zinaliwa na mchwa.

Baba Ngaramtoni:
Mimi niliachika nikiwa na 51. Sisi wanaume tunachekwa zaidi, hamjui tu. Muuza duka alikuwa akiniona na mfuko wa unga anauliza kwa sauti, "Leo unasonga mwenyewe baba?" Ushauri wangu dada, tafuta mtu mapema, mtu mzima mwenzako. Upweke utakumaliza.

Mama wa Pasua:
Kaka, sikuuliza mume. Huyu niliyenaye hata sijaachana naye kisheria!

Bibi Wawili (Machame):
Nimesoma mwandishi nikajiona mwenyewe. Nami nilikaa "mjini kibiashara" karibu miaka mitatu, kwa kuogopa mama mkwe na wazee wa kanisa. Ngoja nikusimulie ilivyokwenda, maana wengi wanaishia njiani.

Nilianza kwa mchungaji. Tukakaa vikao na wazee, wakatuombea, wakasema turudiane, mwenzangu akakataa. Nikaenda Mahakama ya Mwanzo nikidhani nimemaliza hatua. Karani akaniuliza, hati ya baraza iko wapi? Kumbe lazima Baraza la Usuluhishi la Ndoa liandike kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na kikao chetu cha wazee hakikuwa baraza linalotambuliwa. Nikarudishwa kata.

Kata ndiyo niliyokuwa naikimbia. Mmoja wa wajumbe ni binamu yake mume wangu. Nikamwendea mwenyekiti kabla ya siku, nikamwambia sitazungumza ya chumbani mbele ya yule. Akamwondoa kwenye shauri bila ugomvi. Mume aliitwa mara mbili hakuja, ya tatu akaja, akasema hanitaki. Nikapewa hati yangu.

Mahakamani sikubisha kuhusu ardhi. Nilipeleka risiti za mabati, daftari la kikoba, na fundi Mmeru mmoja mzee aliyekumbuka kila tofali. Hakimu akamwachia nyumba na kihamba chake, akaamuru anilipe asilimia 35 ya thamani ya nyumba. Nyumba kwenye kihamba utaipeleka wapi? Utaishi katikati ya mashemeji? Fedha niliiona ni bora. Tatizo ni kwamba hukumu si fedha. Alikaa hadi nikarudi kuomba ikaziwe, ndipo akauza ng'ombe na miti. Hadi leo bado kuna kiasi hajamalizia.

Kuhusu maneno, yalikuwa makali kipindi kile nilipokuwa sielezeki, si mke si mtalaka. Kila mtu anajaza pengo kwa hadithi yake. Kuna waliosema nimefumaniwa.

Jumuiya ya Mtakatifu Yuda:
Mimi ni Mkatoliki, Arusha. Nilichoogopa ni kanisani. Niliacha kukomunika tangu siku niliyotoka nyumbani, nakaa benchi la nyuma wenzangu wakipanga mstari. Mwenyekiti wa jumuiya aliniambia ndivyo inavyotakiwa. Siku moja nikamuuliza paroko, akashangaa: aliyeachana na mwenzi wake akabaki peke yake, bila kuishi na mwingine, hazuiwi kukomunika kwa ajili hiyo. Kwa Kanisa ndoa yangu bado ipo, kwa hiyo kuolewa tena ndiko kwenye shida, labda mahakama ya Kanisa iione kuwa ilikuwa batili tangu mwanzo. Nilirudi mezani. Wapo walionikazia macho, na bado wapo.

Mkazi wa Kijenge:
Sisi Waislamu mambo ya eda yanajulikana, nikakaa nyumbani kwa kaka hadi ikaisha. Kilichonishangaza kilikuja baada ya hapo. Mashoga zangu wa miaka yote walianza kunialika mchana tu, waume zao wakiwa kazini. Fundi bomba akija kwangu, jirani anakuja kuomba chumvi. Sikuwa na dawa. Nilihama kutoka Kijenge nikaenda Kwa Mrombo, ambako walinikuta hivi hivi nilivyo, halafu kodi ikanishinda nikarudi.

Karani Mstaafu:
Mama wa Pasua, moja tu: usiende kata baada ya sikukuu kwa kuogopa kuharibu Krismasi. Desemba ndipo mashahidi wako wote wako mlimani. Januari wamerudi Dar.

Baba Ngaramtoni:
Karani, yaani afungue shauri watu wakichinja mbuzi? Hiyo ni vita. Wachaga wana sale, lile jani la kuombea msamaha, apeleke sale waongee kwanza.

Bibi Wawili (Machame):
Sale hupelekwa na aliyekosa, baba.

Mama wa Pasua:
Ahsanteni. Jana nilimpigia wifi wa Dar nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akasema anajua tangu Julai, mama mkwe alimwambia, wote walikuwa wananingoja niseme. Nimejisikia mjinga na nafuu kwa pamoja. Sasa jambo lililobaki: bati za nyumba ile nilimtumia fedha yeye, akazinunua Dar na kuzipakia kwenye lori. Risiti ziko kwa jina lake. Nimemuomba aje aseme hivyo barazani, dhidi ya kaka yake wa tumbo moja. Amesema atanipigia.